Namna ya kurekodi rivyu ya pawabenki, kuanzia boksi lililofungwa mpaka mita, na namna ya kusema nani kalipa

Nimechagua pawabenki makusudi. Simu unaweza kuizungumzia dakika kumi bila kupima chochote, unaonyesha kamera, unacheza gemu kidogo, watu wanaridhika, lakini pawabenki imeandikwa namba moja kubwa kwa nje na hiyo namba ama ni kweli ama ni uongo, na mtu anayesoma tu maandishi ya boksi mbele ya kamera anaumbuka siku mtazamaji wake akiinunua.

Mfano ntakaoutumia mwanzo mpaka mwisho ni wa kwangu mwenyewe. Duka moja la Kariakoo (silitaji) lilinipa pawabenki imeandikwa 20,000 mAh, bure, na juu yake shilingi laki na nusu ya kutengeneza video. Dukani inauzwa elfu 45. Kwahiyo hapo kuna vitu viwili vya kumwambia mtazamaji, bidhaa nimepewa na hela nimelipwa, na watu wengi wanasema kimoja wanameza cha pili.

Hatua ya 1: malizana na duka kabla boksi halijafika kwako

Usipokee kitu halafu ndo uanze kuongea masharti, ukishapokea mkono wako mmoja umefungwa tayari. Mi huwa natuma meseji moja ya WhatsApp na nasubiri wajibu "sawa" kabla ya kutoa anwani. Inasomeka hivi: "Nitasema kwenye video kwamba mmenipa bidhaa na mmenilipa. Nitaipima na nitaonyesha matokeo yoyote yatakayotoka. Video hamtaiona kabla haijapanda, ila mnaweza kunitumia bei sahihi na maelezo ya kiwanda ili nisikosee. Malipo hayategemei nitakachosema."

Sentensi ya mwisho ndo yenye kazi. Kuna duka lingine liliwahi kunijibu "tutakulipa tukiona video imekaa vizuri", sasa hiyo "imekaa vizuri" ukiifungua ndani yake kuna maana ya "umesifia", nikawaambia basi tufanye tangazo la kawaida, nitasoma maneno yenu na juu nitaandika TANGAZO, hakuna rivyu. Hilo nalo ni halali kabisa, tatizo ni kulivalisha nguo za rivyu.

Hatua ya 2: rekodi boksi likiwa bado limefungwa

Boksi linafunguliwa mara moja tu. Ukikosea hapo huna pa kurudi, maana plastiki ikishachanika hata ukirudishia kifuniko mtu anaona, na anaanza kujiuliza kama ulishabadilisha kilichomo. Kabla ya kukata chochote futa lensi kwa kitambaa laini (mafuta ya vidole ndo yanafanya taa zitoe miale kwenye video za wengi, sio kamera mbovu), weka simu kwenye hali ya ndege, angalia nafasi iliyobaki na chaji. Alafu zungusha boksi taratibu pande zote sita. Taratibu ni sekunde nne upande mmoja, ukiwa mezani unaona kama unalala ila kwenye kuediti utashukuru.

Upande wa nyuma ndo kaa zaidi, kwa sababu hapo ndo kuna maandishi madogo. Kwenye pawabenki tafuta mstari wa "Rated capacity". Ile 20,000 ya mbele inahesabu betri za ndani kwa volti 3.7, lakini USB inatoa volti 5, na kupandisha volti kunakula umeme na mwingine unapotea kama joto. Kwahiyo hata pawabenki ya kweli ya 20,000 haiwezi kutoa 20,000 kwenye USB, inatoa kama 12,000 hadi 13,000, na kampuni zinazojiheshimu zinaandika hiyo namba ndogo waziwazi. Ya kwangu haikuwa na huo mstari kabisa. Sikusema neno wakati ule, nilielekeza kidole tu pale ambapo ungetakiwa kuwepo nikasema "hapa sioni kiwango cha kutoa, tutakipima wenyewe".

Hapo ndo napotaka uelewe kitu kimoja: siku ya kufungua boksi hutoi hukumu. Unasema unachokiona, uzito mkononi, kebo ipo au haipo, harufu ya plastiki, kifuniko kinakaza au kinalegea. "Nzuri sana hii jamani" iliyosemwa dakika ya tatu haina msingi wowote, hujaichaji hata mara moja. Na ukishaisema itakufunga, utakapopima ukakuta mbovu utaona aibu kujipinga.

Hatua ya 3: kamera ya juu na kamera ya pembeni

Kama una simu mbili tumia zote. Moja inatazama meza kutoka juu, hiyo isikatwe kabisa kuanzia unapochana plastiki mpaka kitu cha mwisho kutoka kwenye boksi. Ya pili inakutazama wewe kwa pembeni kidogo. Ile ya juu ndo ushahidi, hata ukiikata baadaye kwenye editi unayo nzima kwenye hifadhi mtu akiuliza.

Huna stendi ya juu? Chukua ubao mwembamba, ulaze juu ya kabati au rafu utokeze mbele kama sentimita 25 ili ncha yake ifike usawa wa meza, upande wa nyuma uukandamize na mfuko wa mchele wa kilo tano, simu iwe imelala juu ya ubao kamera imechungulia ukingoni, uifunge na raba bendi mbili. Kamera ikiwa sentimita 40 hadi 50 juu ya meza inatosha kuona mikono yote miwili. Jaribu kwanza na kitabu mahali pa simu, usinilaumu.

Kata plastiki kwa mkasi au kisu kifupi ukiwa umeelekeza ncha nje, sio kuelekea kwenye bidhaa. Ndani kuna betri za lithiamu. Na kwa sababu hiyohiyo usiifungue pawabenki yenyewe mbele ya kamera ili uhesabu betri, najua zile video zinapata vyuu, ila bisibisi ikitoboa betri au ikigusanisha chanya na hasi unaweza kuwasha moto chumbani, na utaona huko mbele kwamba jibu linapatikana bila kuifungua.

Feni zima wakati wa kuongea. Joto la Dar nalijua, ndo maana narekodi vipande vya dakika mbili tatu kisha nawasha feni napumzika, na simu nayo inapoa.

Hatua ya 4: klozapu, ambapo wengi wanaharibu

Kosa la kwanza ni kuisogeza bidhaa mpaka karibu iguse lensi. Kila lensi ina umbali wa chini ambao chini yake haiwezi kufokasi, na simu nyingi kwenye kamera kuu umbali huo ni sentimita kumi na kitu. Ukiingia ndani ya hapo maandishi yanakuwa ukungu hata ufanyeje. Dawa yake ni kurudi nyuma: weka kamera sentimita 25 hivi kutoka kwenye bidhaa alafu tumia zumu ya 2x. Maandishi yatajaa kioo yakiwa makali, na faida ya pili ni kwamba simu haitupi kivuli chake juu ya kitu unachopiga.

Simu zenye makro zina mtego wake. Ukikaribia, simu inahama yenyewe kwenda lensi pana na picha inaruka ghafla, rangi inabadilika kidogo, kwenye video inaonekana kama umekata. Kwenye aifoni zenye makro kuna "Macro Control" kwenye mipangilio ya kamera, iwashe ili uone alama ya makro na uizime ukitaka.

Kosa la pili ni fokasi inayotangatanga. Unanyanyua kitu mbele ya uso wako, kamera inang'ang'ania uso kwa sababu imefundishwa kutafuta nyuso. Weka kiganja nyuma ya bidhaa kiuzibe uso, itahamia kwenye bidhaa. Kwa zile za mezani bonyeza kioo kwa sekunde mbili mpaka fokasi na mwanga vijifunge (aifoni inaandika "AE/AF Lock"), ndo uanze kurekodi.

Sasa mwanga. Pawabenki nyeusi inayong'aa ni kioo, inaonyesha dirisha lako, taa zako, na wewe mwenyewe umevaa kaptula. Usiwashe taa ya simu kutoka mbele. Weka taa pembeni, ipite kwenye kitambaa cheupe au karatasi ya kuokea keki ili ilainike, alafu izungushe bidhaa wewe, sio taa, mpaka ule mng'ao utoke juu ya maandishi. Kuna maandishi mengine yamechongwa kwenye plastiki bila wino, nyeusi juu ya nyeusi, hayo ukiyamulika kutoka juu hayaonekani kabisa, lakini tochi ikilazwa karibu usawa wa meza kila herufi inatupa kivuli chake na inasomeka. Ile lebo ya chini ya pawabenki yangu niliipata hivyo, na ndiyo iliyokuwa na volti na ampea za kila tundu.

Ukiona video ina mistari inayotembea au taa zinapepesa, ni umeme wetu wa hezi 50 unagongana na spidi ya shuta. Ingia kwenye hali ya "Pro" ya video kama simu yako inayo, weka shuta 1/50 au 1/100, mistari inaondoka. Kwenye kioo cha ile mita ya kupimia ya hatua ya 5 utahitaji pia kushusha mwanga, maana namba zinazowaka zinaungua na kuwa weupe mtupu, shusha mpaka namba zisomeke hata kama mandhari itakuwa giza.

Hatua ya 5: pima, na urekodi ukiwa unapima

Kwanza mizani ya jikoni. Betri moja ya duara ya aina ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 48 hivi, na hata zile nzuri sana zinaishia kama 3,500 mAh. Ili ufike 20,000 unahitaji sita au saba. Sita tu ni kama gramu 280 kabla hujaweka gamba na bodi, na zenye betri bapa nazo haziendi mbali na hapo, ndo maana pawabenki ya kweli ya 20,000 kwa kawaida inapita gramu 300. Ya kwangu mizani ilisoma 232. Toa gamba na bodi, hesabu ya haraka inakuletea betri nne. Hii klipu ni ya sekunde kumi na haihitaji mdomo mwingi, weka pembeni pawabenki nyingine uliyonayo ya ukubwa uleule, pima zote mbili, mtazamaji anajionea.

Ila uzito ni tetesi, sio hukumu. Hukumu ni mita ya USB, kale kadude kanakochomekwa kati ya pawabenki na mzigo, yaani kifaa kinachokula umeme wake, kanakoonyesha volti, ampea na kanajumlisha Wh, yaani jumla ya umeme uliotoka. Angalia Wh, achana na mAh ya kwenye mita kwa sababu hiyo inahesabiwa kwa volti 5 na itakuchanganya. Pawabenki ya 20,000 kwa volti 3.7 ni 74 Wh ndani. Ikipoteza kiasi cha kawaida, unatarajia 63 hadi 67 itoke nje.

Niliichaji mpaka taa zote nne zikatulia, nikaiacha saa moja zaidi, nikachomeka mita na mzigo wa ampea 2, yaani wati 10, nikarudisha mita sifuri mbele ya kamera. Hiyo kurudisha sifuri ioneke, la sivyo namba ya mwisho haina maana. Kisha simu ya zamani ikapiga taimulapsi ikiwa inatazama mita na saa ya ukutani kwenye fremu moja. Ingekuwa 20,000 kweli ingekwenda saa sita na zaidi. Ilizima baada ya saa 3 na dakika 50, mita ikasoma 38.5 Wh. Ukirudisha zile zilizopotea njiani, tuseme asilimia 13, unapata 44 Wh ndani, gawa kwa 3.7, ni kama 12,000 mAh. Betri nne za 3,000, sawasawa na mizani ilivyosema.

Nilirudia kesho yake kwa kebo nyingine. Lazima urudie, pengine haikujaa mara ya kwanza, pengine kebo ni mbovu, na kumwambia mtu bidhaa yake ni feki kwa kipimo kimoja sio haki. Mara ya pili ilitoka 38.1.

Kama huna mita tumia simu, iwe imezimwa. Simu ya betri 5,000 mAh inajazwa na pawabenki ya kweli ya 20,000 mara tatu hivi. Yangu ilijaza mara moja, mara ya pili ikafika asilimia 74 ikakata. Kipimo hiki ni cha makadirio, simu nayo inapoteza umeme wakati wa kuchaji, kwahiyo sema "karibu", usiseme desimali.

Hatua ya 6: kuunga video, na nani kalipa iwe juu kabisa

Mpangilio wangu ni huu. Sekunde tano za kwanza naonyesha mita imezima, swali limeshaulizwa. Kabla sijasema zuri wala baya natamka: "Hii pawabenki nimepewa bure na duka linaloiuza, na wamenilipa kutengeneza hii video. Hawajaiona kabla yenu." Maneno hayohayo yanakaa kwenye kioo kwa herufi kubwa muda wote nikiongea, kwa sababu kuna watu wanaangalia bila sauti kwenye daladala, na wengine wanasikiliza tu simu ikiwa mfukoni. Ndo ufunguaji, ndo vipimo, ndo mazuri yake, ndo hukumu.

"Shukrani kwa duka fulani" sio kutamka. "Kolabo" sio kutamka, haisemi hela imetoka wapi imekwenda wapi. Kuandika chini kwenye maelezo, mahali ambapo mtu lazima abonyeze ndo aone, pia haitoshi, na Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, inalisema hilo waziwazi kwenye mwongozo wake: kama ni video, weka ndani ya video yenyewe. Hata cha bure bila hela ni cha kutamkwa. Uliazimwa ukarudisha, sema umeazimwa. Linki inayokulipa mtu akinunua, sema ukiwa unaitaja, sio mwisho. Na ukinunua kwa hela yako sema pia, onyesha risiti ukiwa umefunika namba ya simu.

Baada ya hapo washa na kitufe cha mtandao wenyewe. YouTube kwenye maelezo ya video kuna sehemu ya "Paid promotion", ukiiweka tiki mtazamaji anaona "Includes paid promotion" mwanzoni. Instagram na TikTok zinakupa lebo ya "Paid partnership". Usiogope kwamba lebo ndo itaua video. Na usitegemee lebo peke yake, inapita haraka na kwa Mswahili asiyesoma Kiingereza haijasema kitu.

Kwenye hukumu nilisema ilivyo: imeandikwa 20,000, betri zake za ndani ni kama 12,000, kwa elfu 45 sikushauri, ila gamba ni imara, tundu zote mbili zinafanya kazi na joto halikunitisha, kwahiyo wangeiandika 12,000 na kuiuza elfu 25 ningekuwa na maneno mengine. Mazuri yaseme hata kwenye kitu kibovu, mradi uliyaona kweli.

Duka lilipiga simu usiku uleule. Yule kaka hakugomba sana, alisema "sisi tunauza tu, kiwanda ndo kimeandika, basi toa hata ile sehemu ya mizani." Nikamkumbusha meseji yake ya "sawa", nikamwambia hilo jibu la kiwanda nitaliweka kama alivyolisema, nikaliweka kwenye komenti niliyoibandika juu. Komenti hiyohiyo ilinisaidia kwa kosa langu mwenyewe, maana kwenye video nilitamka "saa 3 na dakika 15" wakati taimulapsi inaonyesha 50, mtu akaniumbua ndani ya saa moja, na YouTube ukishapandisha video huwezi kuibadilisha kwa nyingine ukabaki na linki ileile, kwahiyo nikaandika marekebisho pale juu na namba ya dakika ambapo kosa lipo. Pawabenki yenyewe ninayo bado kwenye droo pamoja na klipu ya juu isiyokatwa, kuna mtu ameomba niipime tena ikishachajiwa mara hamsini, tuko ya kumi na saba.